Nimeshakumbushia Jumatano. Nikiandika tena Ijumaa nitakuwa msumbufu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni seremala, nina karakana ndogo na vijana watatu. Jumatatu nilituma kotesheni kwa ofisi moja iliyoniomba bei ya meza 18 na makabati 4. Afisa aliyeniomba alinijibu siku ileile kwa barua pepe: "Nimeipata, naipeleka kwa wakubwa, tutawasiliana ndani ya wiki hii." Jumatano nikamwandikia kwenye WhatsApp: "Habari mkuu, nilikuwa nakumbushia tu kuhusu ile kazi." Tiki zikageuka bluu, jibu hakuna. Leo ni Alhamisi usiku na kesho nataka kuandika tena.

Mwenzangu wa karakana anasema nikiandika mara ya pili ndani ya wiki moja nitaonekana nina njaa, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Shemeji yangu anasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, nipige simu kila siku mpaka kieleweke. Tena leo mwenye mbao ameniambia bei aliyonipa itasimama hadi Jumatano ijayo, baada ya hapo inapanda. Sipendi kusumbua watu, lakini hii kazi naihitaji. Je, kukumbushia mara mbili kwa wiki ni utovu wa adabu? Na mtu anajuaje kwamba sasa amevuka mpaka?

Fundi, miaka 31

Marahaba mwanangu,

Mwandikie kesho, kabla ya saa sita mchana, wala usione haya. Ila usirudie maneno ya Jumatano. Ujumbe wako wa Jumatano ulikuwa na adabu ya kutosha. Ulichokosa ni kitu ambacho yule afisa angeweza kukijibu. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu kabla ya kuanza kuandika safu hii nilikaa miaka 9 kwenye meza ya manunuzi nikipokea jumbe kama ule wako karibu kila siku, na najua kinachotokea upande wa pili wa simu baada ya tiki kugeuka bluu.

Kwanza ujue kwamba huyo unayemwandikia, kwa kawaida, hana uwezo wa kukupa kazi. Kazi yake ni kukusanya bei. Ofisi nyingi haziruhusu kununua kwa bei ya mtu mmoja, kwa hiyo anatakiwa apate kotesheni kadhaa, mara nyingi tatu, azipange kwenye jedwali la kulinganisha, ampelekee mhasibu aangalie kama kwenye fungu la samani kuna hela, kisha faili lipande kwa anayesaini. Katika safari hiyo kotesheni yako inaweza kulala kwenye trei ya mhasibu siku tatu bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya na wewe. Inaweza pia kukwama kwa sababu fundi wa tatu hajaleta bei yake, na bila yeye jedwali halijakamilika. Wewe huko karakana unahesabu siku na kujiuliza umekosea wapi, kumbe anayesubiriwa ni mtu mwingine kabisa.

Sasa chukua ujumbe wako uusome ukiwa kwenye kiti chake. Ameufungua labda akiwa kwenye korido, anakwenda kwenye kikao. "Nakumbushia tu kuhusu ile kazi." Kazi ipi? Ana watu wa rangi, watu wa viyoyozi, watu wa samani. Akishakumbuka kwamba ni ya meza, jibu la kweli alilonalo ni "bado sijui", na hakuna anayependa kumwandikia mtu anayesubiri riziki yake kwamba bado hajui. Anasema moyoni, nitamjibu nikishamuuliza mhasibu. Anaingia kikaoni. Akitoka kuna jumbe nyingine 15 juu ya ule wako. Sisemi hivyo kumtetea. Mimi mwenyewe niliwaacha watu wengi hewani namna hiyo, na ulikuwa ukosefu wa adabu wa upande wetu. Neno moja, "bado", lingenichukua nusu dakika na lingempa mtu usingizi. Nakwambia haya ili usitafsiri ukimya wa siku mbili kama "hapana", na usiubebe kama aibu yako.

Ndiyo maana swali la mara ngapi kwa wiki halinisaidii sana ninapopima kama mtu anafuatilia au anasumbua. Mimi nilikuwa naangalia mambo mawili, na bila kujua, karibu kila mtu aliyekaa kwenye meza ile anayaangalia. La kwanza ni ahadi. Nikishakwambia "tutawasiliana ndani ya wiki hii", nimekupa tarehe, hata kama sikuitaja. Ukiniuliza kabla ya tarehe hiyo na huna jipya, ni kana kwamba huamini nilichosema. Ukiniuliza tarehe ikishafika, una haki kamili, na mimi ndiye ninayepaswa kuona haya. Kwa hiyo Jumatano yako ilikuwa mapema kidogo. Haikuwa kosa la kuombea msamaha, na hakuna atakayeikumbuka, lakini ndiyo sababu ilikuwa nyepesi. Ijumaa ni siku ya mwisho ya wiki aliyoitaja. Mlango uko wazi.

La pili ni hili: ujumbe wako ukifika, unaniachia nini mkononi? Kuna ujumbe unaonipa kitu cha kufanyia kazi, na kuna ujumbe unaonikabidhi wasiwasi wako niushike mimi. Huu wa pili ndio unaochosha, hata ukija mara moja tu kwa mwezi.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Tuliwahi kutafuta mshonaji wa mapazia ya ofisi na, miezi hiyohiyo, fundi wa jenereta. Mama mmoja wa mapazia alinitumia jumbe nne ndani ya siku 9, na kila ulipoingia niliufungua bila kuvuta pumzi. Siku ya pili baada ya kuleta bei aliandika kwamba amepitia vipimo vyake na kuona madirisha mawili ya upande wa machweo ni mafupi kuliko mengine kwa sentimita 20, hivyo jumla inapungua kidogo, na karatasi mpya ameiambatisha. Siku ya tano akasema kitambaa cha rangi tuliyochagua kimebaki kwa msambazaji kiasi cha kutosha madirisha yetu tu. Akauliza kama tunapenda amuombe akiweke kando. Siku ya saba, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia anitafute, akanitafuta saa nne asubuhi akaniuliza neno moja. Siku ya 9 akauliza kama jina la ofisi kwenye ankara liandikwe kwa kirefu au kwa kifupi. Jumbe nne, na hakuna hata mmoja ambao ningeweza kuufuta bila kupoteza kitu.

Yule wa jenereta aliandika mara tatu tu, zote siku moja. Asubuhi "Mambo vipi". Mchana "Mbona kimya?" Saa mbili usiku alama ya kuuliza, peke yake, "?". Kesho yake alipiga simu tatu mfululizo nikiwa kikaoni, na nilipotoka nikamkuta bosi wangu ananiuliza huyu ni nani aliyempigia kulalamika kwamba namkalia kazi yake. Bei yake ilikuwa nzuri, nakiri. Lakini tulipokaa kulinganisha, mhasibu aliuliza swali ambalo bei haikuweza kulijibu: jenereta ikiharibika usiku, tunataka kushughulika na mtu huyu? Hakuna kanuni ya ofisi iliyomkataa. Ni sisi watu tuliokuwa mezani tuliochoka naye kabla hajaanza.

Unaona kwamba yule wa jumbe nne hakusumbua, na yule wa jumbe tatu alisumbua. Tofauti haikuwa kwenye idadi.

Umeniuliza mtu anajuaje kwamba amevuka mpaka. Dalili ya kwanza iko kwako mwenyewe kabla hujabonyeza kutuma: soma ulichoandika, kisha jiulize kama kinatofautiana na cha mara iliyopita. Kama kinasema jambo lilelile kwa maneno mengine, huna ujumbe, una wasiwasi. Uweke simu chini, kapige randa ubao, urudi ukiwa na jambo. Dalili nyingine ni kubadilisha njia haraka haraka. Barua pepe asubuhi, WhatsApp mchana, simu jioni, kwako ni bidii, lakini kwa anayepokea ni mtu anayezunguka nyumba akigonga kila dirisha. Njia ibaki ileile mpaka siku mbili tatu za kazi zipite, na ukiibadilisha useme kwa nini. Na usimruke mtu ukaenda kwa mkubwa wake, isipokuwa yeye mwenyewe amekwambia ufanye hivyo au amekwishatoka kwenye kazi hiyo. Ukimruka unamshitaki, hata kama ulitaka kuuliza tu, na kuanzia siku hiyo faili lako halina mtetezi ndani ya ofisi.

Kisha angalia majibu yake. Mtu ambaye bado yuko nawe hujibu kwa habari, hata ikiwa kidogo: "mhasibu karudi leo", "tunasubiri bei moja". Majibu yakianza kufupika, kutoka sentensi mbili hadi "sawa", kutoka "sawa" hadi kidole gumba, umeanza kumchosha. Na akikuambia "nitakutafuta mimi", hapo pana kizingiti. Maneno hayo kwa lugha yetu ya upole mara nyingi maana yake ni "acha kwanza". Jibu lake zuri ni kuuliza mara moja, "Sawa kabisa. Nisiposikia kitu, ni siku gani inafaa nikuulize?" Akikupa siku, umepata ruhusa, na ukumbusho wenye ruhusa hauwezi kuwa usumbufu. Asipokupa, kaa kimya wiki mbili nzima.

Nami nataka niseme neno kuhusu tiki za bluu, kwa sababu naona zimekuumiza. Kusoma kunamaanisha amesoma, basi. Usije ukamwandikia "nimeona umesoma". Ukimwambia hivyo umemwambia kwamba unamchungulia, na mtu anayechunguliwa hujificha. Nilikuwa na mwenzangu ofisini aliyezima tiki kabisa kwa sababu ya mteja mmoja, na baada ya hapo hata waliokuwa wastaarabu hawakujua tena kama wamesomwa.

Kuna tabia mbili zetu ambazo tunadhani ni adabu na kumbe zinaongeza uzito. Moja ni kutuma salamu peke yake. "Habari za leo." Halafu kimya, mtu anasubiri aitikiwe ndipo aseme shida yake. Ana kwa ana huo ndio ungwana, na mimi nisingependa mtu aniingilie na shida bila kunisalimu. Lakini kwenye simu, salamu iliyotumwa peke yake inamfanya mpokeaji afungue mlango bila kujua nyuma yake kuna nini, na mwenye kazi nyingi huahirisha kuufungua. Salimu, kisha hapohapo, ndani ya ujumbe uleule, sema jambo. Salamu haipungui heshima kwa kufuatana na maneno.

Tabia ya pili ni kuomba radhi kupita kiasi. "Samahani sana kwa usumbufu, najua nakusumbua, nivumilie tu." Ukijiita msumbufu mara tatu, ni nani atabisha? Tena unamtwika mwenzako kazi ya kukuliwaza, "hapana, hunisumbui", kabla hajafika kwenye kotesheni. Samahani moja inatosha, na pale ambapo ahadi yake imeshapita hata hiyo moja si lazima. Asante hufanya kazi vizuri zaidi.

Sasa tuandike ujumbe wa kesho. Utumie kwa barua pepe, kwa kujibu ileile barua aliyokuandikia Jumatatu, usianzishe mpya. Sababu yangu ni hii: ukijibu barua ileile na kuiambatisha kotesheni tena, kila kitu kinakuwa pamoja, na yeye akitaka kuipandisha kwa mkubwa anaisukuma mbele ilivyo, kwa mbofyo mmoja. Kwa hiyo iandike ukijua kwamba anayeamua anaweza kuisoma hivyohivyo. Hicho ndicho watu wengi hawakijui. Afisa wa manunuzi akipata ujumbe unaoweza kusomwa na bosi bila kuelezewa, umempunguzia kazi, na mara nyingi ndio unaoamsha faili lililolala. WhatsApp haina faida hiyo. Maneno ya pale mara nyingi hubaki pale.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Habari za leo Bwana (jina lake). Naandika kuhusu kotesheni ya meza 18 na makabati 4 niliyowatumia Jumatatu. Nimeiambatisha tena hapa. Kuna jambo moja ambalo limebadilika: mwenye mbao amenijulisha kwamba bei yake ya sasa itaisha Jumatano ijayo. Mkiamua hadi siku hiyo, bei niliyowapa haitabadilika. Ikipita, nitawatumia bei mpya kabla hamjaamua, ili msije mkashtuka. Je, kotesheni imeshafika kwa anayeamua, au kuna kitu mnahitaji kutoka kwangu ili iende mbele? Kama bado, niambie siku inayofaa nikuulize tena. Asante."

Angalia kilicho ndani yake. Idadi ya vitu imetajwa, kwa hiyo hahitaji kutafuta wewe ni nani. Kuna habari mpya, tena inayomfaa yeye kuliko wewe, kwa sababu bei ikipanda ni ofisi yake itakayolipa zaidi na ni yeye atakayeulizwa. Swali lililopo analiweza mwenyewe, bila kupanda ngazi kwenda kumuuliza mtu: imefika au haijafika, kuna kinachohitajika au hakuna. Hukumuuliza "tumepata kazi?", kwa sababu hilo halijui. Na mwisho umemuomba tarehe.

Naomba unisikilize vizuri juu ya habari ya mbao. Itumie kwa sababu ni kweli. Kama mwenye mbao angekuwa hajasema kitu, usingeruhusiwa kuizua. Tulikuwa tunapokea jumbe za "bei inaisha kesho" kila mwezi, na keshokutwa yake mtu yuleyule anatupigia akituambia anaweza kupunguza. Baada ya hapo kila alichosema tulikigawa kwa mbili. Tena kama una akiba ya mbao ya kutosha kutengeneza makabati, waambie bei ya makabati haitaguswa; kama huna, usiseme. Na kama bei yako haikuandikwa itasimama hadi lini, hilo lilikuwa pengo kwenye kotesheni yenyewe. Siku nyingine iandike chini kabisa: bei hii ni halali kwa siku 14, au 30, kulingana na mwenye mbao wako. Ukiandika hivyo, ukumbusho wa kwanza unakuwa umeshapangwa na karatasi, na hakuna atakayeuona kama haraka yako binafsi.

Tuma kesho saa tatu au nne asubuhi. Mchana wa Ijumaa watu wanafunga hesabu zao za wiki, na kitu kinachofika saa kumi kinaamkia Jumatatu chini ya rundo.

Baada ya hapo usifanye kitu hadi Jumanne. Najua ni vigumu. Akikujibu Ijumaa au Jumatatu, fuata anachosema, hata akisema siku iliyo mbali. Asipojibu, Jumanne saa nne asubuhi piga simu mara moja. Hapo unabadilisha njia, na una sababu iliyo wazi, kwamba kesho bei inaisha. Simu iwe ya dakika moja: jitambulishe, taja meza 18, mwambie kwamba ulimwandikia Ijumaa kuhusu bei inayoisha kesho na ulitaka kuhakikisha ameiona. Kisha nyamaza, umpe nafasi. Akisema "bado iko kwa mkubwa", mshukuru na umuulize siku. Asipopokea, usirudie. Tuma ujumbe mfupi unaosema ulipiga kuhusu nini, kisha endelea na kazi zako. Simu moja ambayo haikupokelewa ni taarifa. Tano ni ukorofi, hata zikipigwa na mtu mwenye sauti ya upole.

Jumatano ikipita bila neno, Alhamisi au Ijumaa watumie kotesheni mpya yenye bei ya mbao ya siku hiyo, kama ulivyoahidi. Hili ndilo jambo ambalo mwenzako wa karakana ataliona kama kujishusha, lakini ni kinyume chake: ulisema bei itabadilika, ikabadilika, ukaileta. Mtu anayefanya alichosema tayari ameonyesha jinsi atakavyoleta meza. Ujumbe unaokwenda na karatasi hiyo usiwe na malalamiko hata kidogo. Sentensi mbili zinatosha.

Kisha kaa kimya wiki mbili. Kama bado hakuna kitu, andika mara ya mwisho ukiwaambia kwamba kwa upande wako unaifunga kotesheni hii ili upange kazi nyingine, na kwamba wakiihitaji baadaye utaandaa bei upya kwa furaha. Usiandike hivyo kama mtego wa kuwafanya wakimbie kukutafuta. Andika kwa kuwa umekusudia kweli kufunga. Baadhi ya watu hujibu ujumbe huo siku ileile, kwa sababu ndio wa kwanza usiowadai kitu. Wengine hawajibu kabisa. Na kama wakati wowote katika safari hii watakwambia "hapana", washukuru, uliza mara moja tu kama ilikuwa bei au muda wa kuleta, na jibu lolote watakalotoa ulipokee bila kubishana.

Kuhusu shemeji yako, ushauri wake wa kupiga kila siku una mahali pake, lakini si hapa. Ungekuwa umeshapeleka meza, wamezisainia kwamba zimepokelewa, na tarehe ya malipo kwenye ankara imepita, ningekuambia ufuatilie mara mbili kwa wiki bila wasiwasi, kwa sababu hapo unadai chako na hakuna anayekufanyia hisani. Hata hapo ningekutaka utaje namba ya ankara na tarehe, uache hasira, na umuulize mhasibu malipo yako yamepangwa siku gani. Lakini kotesheni ni ombi. Hawajakuahidi kazi, wamekuahidi jibu. Unafuatilia jibu tu, na hilo lina kikomo ambacho deni halina.

Mwenzako wa karakana naye mwambie kwamba kusubiri kimya mpaka Jumatano ipite, wakati unajua bei itapanda, kungekuwa kuwaficha wale watu jambo linalowahusu. Wangekuja wiki ya pili na oda iliyosainiwa kwa bei ya zamani, wewe ungelazimika ama kula hasara ya mbao za meza 18 ama kuwaambia bei si ile tena, na hapo ndipo ungeonekana mtu asiye na adabu.

Kitu kimoja cha kufanya usiku huu, kabla hujalala: fungua ile kotesheni uliyotuma Jumatatu uihesabu upya, mstari kwa mstari. Ukikuta kosa, hata dogo, lisahihishe na ulitaje kesho kwenye sentensi ya pili. Ukikuta iko sawa, andika ujumbe sasa hivi uuhifadhi bila kuutuma, uusome tena asubuhi ukiwa umetulia, weka jina lake vizuri, kisha utume.

Shangazi